Kadi ya simu kwa mgeni anayetafuta nafasi ya kuonana na dakta wa meno

Kwangu Kikwajuni, mjini Unguja, nasomesha Kiswahili kwa wageni. Huja mmoja mmoja, wengine hulala hapa hapa nyumbani, na karibu kila mmoja hufika siku ya kuumwa. Aliyenifundisha kuandika kadi ya simu, yaani kikaratasi cha maneno ya kushika mgeni anapopiga simu, ni Mtaliana mmoja, dada mwenye Kiswahili kizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Ngeli anazijua, hadithi anasimulia, sokoni Darajani anapatana bei mwenyewe. Jino lilipomshika akapiga simu kliniki moja ya meno hapa mjini, akazungumza vizuri, akakata simu akicheka. Kwenye daftari lake aliandika: kesho, 3.

Kesho yake akafika saa tisa alasiri. Dakta keshaondoka. Kumbe nafasi yake ilikuwa saa tatu asubuhi, tena aliandikiwa kung'olewa jino wakati yeye alikwenda kuziba. Mpokezi hakukosea kitu. Alimuuliza, "Unang'oa au unaziba?" na mgeni wangu akajibu, "Ndiyo."

Toka siku hiyo nimejua kwamba mgeni anayeweza kusema hajawa bado mtu anayeweza kupiga simu. Ana kwa ana anakutazama mdomo, anaona mkono ukielekeza, anaona karatasi. Kwenye simu hana hata kimoja, na mpokezi wetu anazungumza Kiunguja cha haraka, feni inavuma, na pembeni yake kuna mtu mwingine anauliza wapi choo. Kwa hiyo kadi ninayoandika mimi ina pande mbili. Kushoto maneno ya mgeni, mistari michache. Kulia maswali atakayoulizwa, na huo ndio upande wenye kazi. Ukiwa na mgeni nyumbani, mkwe kutoka nje, au jirani anayejifunza lugha yetu, unaweza kumwandikia kadi hii kwa nusu saa.

Kabla ya yote, kadi ni ya miadi tu. Uso ukivimba hadi mtu anapata tabu kumeza au kupumua, au damu haikati, hapo hakuna simu ya kutafuta nafasi. Mchukue mgeni mwende hospitali, maneno utamsemea wewe.

Kwanza: sentensi moja ya haja

Kaa na mgeni umuulize kwa utulivu: jino gani, tangu lini, na anataka afanyiwe nini. Kisha mwandikie sentensi isiyozidi pumzi moja. Ya kwangu huwa hii:

"Jino linaniuma tangu Ijumaa. Nataka kuonana na dakta wa meno, anitazame kwanza."

Tazama kwanza kitenzi. Wageni wengi hutafsiri kutoka kwao wakasema "nauma jino", na hapo mpokezi husikia mtu anayeng'ata. Wengine husema "ninaumwa" peke yake, ambayo ni sahihi, lakini humfanya mpokezi aulize homa na kichwa. "Linaniuma" ndiyo salama, kwa sababu kiungo kinatajwa kwanza na mwenye maumivu anakaa ndani ya kitenzi. Akishalizoea jino, atalihamisha mwenyewe: tumbo linaniuma, mguu unaniuma, macho yananiuma. Mwambie asome kwa sauti mara kumi, maana ulimi wa mgeni huteleza kwenye "linani-" na akiteleza simu nzima huanza kuyumba.

Pili, "anitazame kwanza". Maneno haya mawili yangemwokoa Mtaliana wangu. Mpokezi wa meno anataka kujua kazi ni ya muda gani ili apange kitabu chake: kuziba, kung'oa, kusafisha, au kutibu mzizi. Mgeni asiyejua jino lake lina nini hawezi kuchagua, na hatakiwi kuchagua. Akiwa na "anitazame kwanza" mdomoni, kila swali la kuchagua linapata jibu moja la kweli.

Neno la miadi lenyewe nimeliacha nje ya sentensi kwa makusudi. Linaeleweka, lakini kwenye simu mtu akisema "nataka kuweka miadi" mara nyingi huulizwa "miadi ya nini?" na mgeni huchanganyikiwa mapema. Watu wetu husema wanatafuta nafasi, au wanataka kupangiwa siku, au wanataka kuonana na dakta. Mgeni naye aseme hivyo.

Salamu haifupishwi

Mwandikie salamu kamili na umkataze kuruka. Anayeanza na jino kabla ya salamu husikika kama anagomba, na mpokezi aliyechukizwa huzungumza haraka zaidi. Kwetu inatosha "Assalaam alaykum", kisha "Habari za asubuhi?" Kama mgeni haoni vyema kutumia salamu ya kwanza, aanze na ya pili. Amsubiri mwenzake ajibu. Wageni wengi hawamsubiri, wanasoma kadi kama tangazo la redioni.

Hapo hapo baada ya salamu iwekwe sentensi ya kuomba mwendo: "Mimi mgeni, najifunza Kiswahili. Naomba unisemeshe taratibu." Ikija mwanzoni ni adabu. Ikija katikati, baada ya mgeni kupotea mara tatu, ni malalamiko. Ina faida nyingine pia. Mpokezi akisikia lafudhi ya kigeni, mara nyingi hukimbilia Kiingereza, na si kila mgeni anakijua. Mtaliana wangu Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Basi akikuta hivyo aseme, "Samahani dada, Kiingereza changu kidogo, tuendelee kwa Kiswahili." Aseme dada au kaka baada ya kusikia sauti, na akisikia sauti ya mtu mzima aseme mama au baba.

Mpokezi atasema "pole". Mgeni asiyejua hudhani anaombwa radhi, akajibu "hamna shida". Jibu ni "Ahsante, nishapoa", hata kama jino bado linawaka moto.

Upande wa kulia: anachoulizwa

Hapa chukua wakati. Maswali ya mpokezi wa meno hayazidi sita saba, na huja karibu kila simu, ila kwa sura tofauti. Usimwandikie swali moja kwa sura moja. "Ushawahi kuja hapa?", "Hujawahi kuja kwetu?", "Una kadi yetu?", "Ni mara ya kwanza?" yote ni swali moja. Mgeni akariri sauti ya yote manne na ajue jibu ni lile lile.

Sasa kanuni ya kadi yangu, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: mgeni haruhusiwi kujibu "ndiyo" wala "hapana". Ajibu kwa kitenzi. Sababu ya kwanza tumeiona kwa jino la kung'oa. Sababu ya pili ni maswali ya kukanusha. Sisi tukiulizwa "Hujawahi kuja?" tunajibu "Ndiyo, sijawahi", yaani nakubaliana na ulivyosema. Wenzetu wa lugha nyingi za Ulaya hujibu kinyume: kwao "hapana" hapo ndiyo maana yake sijawahi. Mpokezi akisikia "hapana" anafahamu amewahi kuja, anaanza kutafuta faili ambalo halipo, na simu inakaa kimya dakika tatu huku salio linakwenda. "Sijawahi" haina njia mbili. Vivyo hivyo "ninayo" na "sina", "ninaweza" na "siwezi".

Jina ni swali jingine linalochelewesha. Mwambie mgeni achague jina la simu, fupi, linaloingia vizuri masikioni mwetu. Yule dada jina lake lina herufi zinazogongana, basi kwenye simu akawa Roza. Siku ya kufika anatoa pasi yake na kusema, "Nilipiga simu kwa jina la Roza, jina la pasi ni hili," ili faili la matibabu liandikwe jina la kweli. Akilazimishwa kutaja herufi, afanye kama tunavyofanya wenyewe: M ya Maryam, N ya Nassor, maana kwenye simu mbovu M na N ni mtu na pacha wake.

Nambari ya simu aitaje tarakimu moja moja, akipumzika baada ya kila tatu: sufuri saba saba, kisha pumzi. Na amwombe mpokezi amrudishie kwa mwendo ule ule. Mtu akikusomea nambari kwa makumi, "arubaini na moja, sitini na tatu", mgeni hupotea.

Saa

Makosa mengi ya wageni wangu yamezaliwa hapa, na yote yana mama mmoja. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapokuchwa. Saa moja asubuhi ni saa moja baada ya mwanzo wa mchana, na simu ya mgeni wakati huo inaonyesha 07:00. Tofauti ni saa sita daima, dakika hazibadiliki. Mwenye saa ya mshale anaweza kufanya bila hesabu: atazame mshale mfupi, asome nambari iliyo mkabala nao. Ukiwa kwenye tisa, ni saa tatu.

Kwenye kadi namwandikia mistari sita tu, ile ambayo kliniki hufanya kazi:

Saa mbili asubuhi, simu inaonyesha 08:00.
Saa tatu asubuhi, 09:00.
Saa tano asubuhi, 11:00.
Saa nane mchana, 14:00.
Saa kumi alasiri, 16:00.
Saa kumi na mbili na nusu jioni, 18:30.

Halafu namweleza robo na kasorobo, kwa sababu "saa tatu kasorobo" husikika kama saa tatu na kitu, kumbe ni 08:45. Na kwa wazee wetu waliobaki na hesabu ya zamani, namwongezea edashara kuwa ni kumi na moja, na thenashara kuwa ni kumi na mbili. Anaweza kupiga kliniki kumi asiyasikie, lakini akiyasikia bila kuyajua hatapata hata pa kuanzia.

Sasa kuna mtego ambao hata wenyeji hatuufikirii. Mpokezi mwenye huruma, akishajua anazungumza na mgeni, humgeuzia saa. Anasema "njoo saa tisa" akikusudia 09:00, ili kumrahisishia. Na mgeni aliyejifunza vizuri anaigeuza tena, akaja saa tisa alasiri. Wema wa watu wawili umemkosesha mtu nafasi. Dawa yake ni kwamba mgeni asipokee saa iliyo uchi. Kila saa aivalishe sehemu ya siku, na tena aifunge kwenye swala, maana swala hazina saa ya Kizungu: "Saa tatu asubuhi, kabla ya adhuhuri?" Mpokezi akisema "saa tisa asubuhi", mgeni ajue hapo pana kasoro, kwa sababu kwa hesabu yetu saa tisa huwa ni usiku wa manane au alasiri. Aulize waziwazi: "Saa tisa ya Kiswahili au ya Kizungu?" Swali hili kila mtu wa mjini analifahamu na halimvunjii mtu heshima.

Siku nazo zina yake. Mgeni anayeanza wiki na Jumatatu husikia "tatu" ndani yake akadhani siku ya tatu, akaandika Jumatano. Hesabu yetu imeanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili. Na kwenye simu "Jumatatu" na "Jumatano" zinafanana sana mpaka mimi mwenyewe huuliza mara mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa saa tatu na saa tano. Kwa hiyo siku haikubaliwi bila tarehe: "Jumatano ya tarehe ngapi?" Kesho kutwa, mtondo na mtondogoo pia atazisikia, na jibu lake ni hilo hilo, aombe tarehe.

Wengi wa madakta wetu hufanya kazi serikalini asubuhi na kwenye kliniki zao alasiri au usiku. Hapo ingia kwa uangalifu. Kwa hesabu ya wazee siku inaanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata Alhamisi. Kijana wa mapokezi anaweza kukusudia hivyo au asikusudie. Mgeni aseme, "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe baada ya magharibi?" Sentensi ndefu, najua. Iandike kwa herufi kubwa kwenye kadi.

Umeniandika?

Mpokezi anaweza kusema "Njoo tu kesho inshaallah", mgeni akashukuru akakata. Je, amepata nafasi? Huenda amepata, huenda ameambiwa ajaribu bahati. Swali linalotenganisha ni neno moja: "Umeniandika?" Akijibiwa "nishakuandika", pana kitabu na pana jina. Akijibiwa "wewe njoo tu", hakuna nafasi, ni foleni, na mgeni ajiandae kukaa.

Swali la pili linalofuatana nalo: "Naingia kwa namba au kwa saa?" Kliniki nyingi hutoa namba kwa anayefika mwanzo. "Dakta anaingia saa kumi" maana yake ni kwamba saa kumi dakta atakuwa amekaa kitini kwake. Haina maana kwamba saa kumi ni zamu ya mgeni. Akifika saa kumi kamili atakuta watu kumi na mbili mbele yake, kisha atakuja kunilalamikia kwamba Wazanzibari hawajali wakati.

Simu yenyewe

Hii ndiyo simu aliyopiga Roza mara ya pili, kliniki nyingine, Jumatatu tarehe 12, akiwa na kadi mkononi na mimi nimekaa pembeni na kikombe cha chai. Nimeinyoosha kidogo.

"Haloo."

"Assalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri, karibu."

"Jina langu Roza. Mimi mgeni, najifunza Kiswahili. Naomba unisemeshe taratibu. Jino linaniuma tangu Ijumaa. Nataka kuonana na dakta wa meno, anitazame kwanza."

"Aa, pole sana."

"Ahsante, nishapoa."

"Hujawahi kuja kwetu?"

"Sijawahi. Ni mara ya kwanza."

"Unataka kung'oa au kuziba?"

"Sijui bado. Nataka dakta anitazame kwanza."

"Haya. Leo na kesho nafasi zimejaa. Njoo kesho kutwa saa tatu."

"Kesho kutwa ni Jumatano tarehe 14?"

"Eee."

"Saa tatu asubuhi, kabla ya adhuhuri?"

"Asubuhi. Lakini fika saa mbili na nusu uchukue namba."

"Saa mbili na nusu nachukua namba. Saa tatu dakta anaanza."

"Hivyo hivyo."

"Umeniandika?"

"Nakuandika sasa hivi. Nipe nambari yako."

Akaitaja tatu tatu, ikarudishwa, ikawa sawa.

"Utalipa taslimu au una bima?"

"Nina bima ya wageni. Mnaipokea?"

"Hiyo hapa hatupokei, utalipa."

"Kumuona dakta ni kiasi gani?"

Akatajiwa bei, akairudia kwa sauti, akasema ahsante na kwaheri. Dakika tatu na ushei.

Hilo la bima linataka maelezo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analazimika kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, inayodumu siku 92. Basi wageni wengi wanayo, na wanadhani ni ufunguo wa kila mlango. Kuwa nayo ni jambo moja, kliniki kuipokea dirishani ni jambo jingine, na kuna kulipa mwenyewe kwanza kisha kudai. Ndiyo maana nimemwandikia aulize "Mnaipokea?" wala asiishie "Nina bima". Akitaka kudai baadaye, siku ya matibabu aombe risiti yenye jina la kwenye pasi. Roza wa kwenye simu hana bima.

Uone pia kwamba mgeni karudia kila kilichoamuliwa, na karudia kwa maneno yake. "Saa mbili na nusu nachukua namba, saa tatu dakta anaanza." Angesema tu "sawa", nisingejua kama kazi mbili zimemwingia kichwani au moja.

Mazoezi

Usimfanyishe mazoezi mkiwa mmekaa uso kwa uso, hayo hayana faida. Yeye akae ukumbini na kadi na kalamu, wewe nenda barazani, mpigie kwa simu kweli. Washa feni. Kama kuna watoto, usiwanyamazishe. Mara ya kwanza fuata kadi. Mara ya pili badilisha sura za maswali. Mara ya tatu mharibie: mwambie dakta kasafiri, au mwambie "subiri kidogo" kisha kaa kimya nusu dakika. Wageni wengi wakisikia kimya hukata simu wakidhani mtandao umeondoka, au huanza kusoma kadi upya kuanzia salamu. Afundishwe kusubiri, kisha aseme "Haloo, bado nipo."

Mpe pia mlango wa kutokea, sentensi ya kusema akiwa amepotea kabisa: "Samahani, sikufahamu. Sema tena kwa maneno mengine." Hayo maneno mengine ndiyo muhimu. Akiomba kurudiwa tu, mpokezi atarudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi, na kelele haitafsiri.

Siku ya simu yenyewe wewe kaa karibu lakini simu usiishike. Mimi nimejiwekea mambo mawili ya kuingilia: akikubali dawa au kazi asiyoijua, na akipewa siku bila tarehe akataka kukata. Mengine yote, hata akisema "jino lananiuma", mwachie. Mpokezi atafahamu.

Baada ya kukata

Kama aliyopiga ni nambari ya mkononi, atume ujumbe mfupi pale pale, wakati mpokezi bado anakumbuka sauti yake:

"Assalaam alaykum. Mimi Roza, nimepiga simu sasa hivi. Nafasi yangu ni Jumatano tarehe 14, asubuhi. Nafika saa mbili na nusu kuchukua namba. Kama nimekosea naomba unisahihishe."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya ajibiwe. Ujumbe usio na ombi hauna haraka, husomwa ukaachwa.

Na kwenye daftari lake aandike saa mara mbili, ya kwetu na ya simu yake, mstari mmoja: saa mbili na nusu asubuhi, 08:30. Kengele ya simu aitege hapo hapo mbele yako.

Akishindwa kwenda, nyuma ya kadi pana mistari miwili ya kufuta, na asione haya kupiga, maana nafasi yake kuna mtu ataichukua: "Assalaam alaykum. Mimi Roza, niliandikwa Jumatano tarehe 14, saa tatu asubuhi. Sitaweza kuja. Naomba unipangie siku nyingine." Kisha upande wa kulia unaanza tena, siku, tarehe, sehemu ya siku, umeniandika.